Kwa Nini Mkopeshaji Binafsi Anatoza Riba Kubwa Kuliko Benki? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa miaka sita nilikuwa afisa mikopo katika chama cha akiba na mikopo hapa Busia, upande wa Uganda, na sikumbuki wiki hata moja iliyopita bila mwanachama kuniuliza swali hili kwa namna moja au nyingine. Majibu yaliyo hapa chini nimeyaandika kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, walimu na waendesha boda wanaokopa, na pia kwa wale wanaofikiria kukopesha. Hesabu za mkopeshaji na za mama wa sokoni nimezitengeneza ziwe mfano, nikifuata viwango vya gharama vilivyozoeleka mjini kwetu. Anayetaka anaweza kuweka tarakimu zake mwenyewe na kuona jibu linavyobadilika.

Tofauti yenyewe ni kubwa kiasi gani?

Katika miaka ya karibuni, mkopo wa shilingi kutoka benki za biashara za Uganda umekuwa ukitozwa wastani wa asilimia 18 hadi 20 kwa mwaka. Mkopeshaji binafsi wa mjini hutaja riba yake kwa mwezi, na kiwango kilichozoeleka kwa mikopo midogo ni asilimia 10 kwa mwezi. Wengine huchukua 15 au 20, hasa pale ambapo mkopaji ana haraka na hana dhamana.

Kuna watu wanaosikia "kumi" kwa mkopeshaji na "kumi na tisa" kwa benki, wakadhani benki ndiyo ghali. Asilimia 10 kwa mwezi, ukiihesabu kwa miezi 12 bila kuongeza riba juu ya riba, ni asilimia 120 kwa mwaka. Ikiwa mtu hushindwa kulipa na riba ikaingizwa kwenye deni kila mwezi, shilingi 100,000 hufika karibu shilingi 314,000 mwaka unapokwisha. Kwa hiyo tofauti tunayoizungumzia ni ya mara sita au zaidi.

Je, hiyo si tamaa tu?

Tamaa ipo, na nitaieleza mahali pake. Lakini mtu akianza na kuishia hapo hataelewa kwa nini mkopeshaji mwenye tamaa na mkopeshaji mcha Mungu, walio katika mtaa mmoja, hutoza viwango vinavyokaribiana. Tuchukue mkopeshaji mmoja mwenye leseni na tufungue daftari lake.

Mtaji wake ni shilingi milioni 40. Fedha zote haziwezi kuwa mikononi mwa wakopaji kila siku, kwa sababu nyingine zimerudi jana na nyingine zinasubiri mteja anayefaa, hivyo tuseme kwa kawaida milioni 30 ndizo zilizo nje. Mikopo yake ni ya shilingi 500,000 kwa mwezi mmoja, maana yake ana wakopaji 60. Analipa pango la ofisi 300,000, karani 400,000, kijana wa kufuatilia madeni pamoja na mafuta ya pikipiki 500,000, na kwa muda wa maongezi, karatasi, leseni na ushuru wa mji tuweke 150,000. Jumla ni shilingi 1,350,000 kila mwezi. Gawanya kwa mikopo 60, utapata shilingi 22,500 kwa kila mkopo, na hiyo tayari ni asilimia 4.5 ya fedha aliyoikopesha, kabla ya mtu yeyote kushindwa kulipa.

Sasa tuseme katika kila mikopo 40, mmoja unapotea wote. Kwa mikopo 60 hiyo ni wastani wa mkopo mmoja na nusu kila mwezi, yaani shilingi 750,000, ambazo ni asilimia 2.5. Halafu kuna fedha yenyewe. Angeinunulia hati za serikali, angepata, tuseme, asilimia 14 kwa mwaka akiwa amelala. Kwa milioni 40, hiyo ni kama shilingi 467,000 kwa mwezi anazozikosa kwa kuamua kukopesha watu.

Riba ya asilimia 10 juu ya milioni 30 ni shilingi milioni 3, lakini waliopotea hawalipi riba pia, kwa hiyo anapokea 2,925,000. Ukiondoa gharama zote tatu, anabakiwa na kama shilingi 358,000, na hizo ndizo ujira wake mwenyewe wa kuamka alfajiri na kukaa na wasiwasi wa watu 60. Angetoza asilimia 8 angekuwa anafanya kazi kwa hasara. Asomaye aone kwamba sehemu kubwa kuliko zote katika riba hii ni gharama ya kazi, ambayo inakaribia kuwa mara mbili ya hasara ya wasiolipa.

Kwa nini kazi ya mkopo mdogo iwe ghali hivyo?

Kwa sababu kazi haipungui pale mkopo unapopungua. Kumwuliza mtu maswali, kwenda kuiona biashara yake, kuandika mkataba, kumpigia mdhamini, kuhesabu fedha na kumfuata siku ya malipo huchukua muda uleule, mkopo uwe wa laki tano au wa milioni tano.

Tulinganishe na benki. Tuseme afisa wa benki, pamoja na mthamini na mwanasheria, wanatumia kazi yenye thamani ya shilingi 600,000 kuandaa mkopo wa milioni 50 wa miaka mitatu. Hiyo ni asilimia 1.2 ya mkopo, na inasambazwa katika miaka mitatu, hivyo mkopaji haioni kabisa ndani ya riba yake. Benki hiyohiyo ikijaribu kutoa mkopo wa 500,000 kwa mwezi mmoja, na hata ikiwa imebana kazi hadi igharimu shilingi 60,000 tu, tayari imetumia asilimia 12 ya mkopo kwa mwezi mmoja. Kwa hiyo benki ingemkopesha mama wa sokoni kwa taratibu zake za kawaida, ingelazimika kumtoza zaidi ya anavyotozwa na mkopeshaji. Haifanyi hivyo. Inamwambia tu kwamba hajatimiza masharti, naye anatoka akidhani kwamba amenyimwa kitu cha bei nafuu, kumbe kitu hicho hakikuwapo.

Kuna na fedha inayokopeshwa. Benki hukopesha amana za wateja, na nyingi katika hizo ziko kwenye akaunti za hundi zisizolipwa riba au akaunti za akiba zinazolipwa asilimia chache tu. Mkopeshaji binafsi hapa Uganda haruhusiwi kupokea amana kwa umma. Anatumia fedha yake, au ya ndugu yake, au aliyokopa benki kwa riba ileile ya asilimia 19 tunayoizungumzia.

Hatari ya kutolipwa inaongezaje riba?

Watu wengi hudhani kwamba hatari ndiyo jibu zima. Ina uzito wake, lakini uzito huo unatoka mahali ambapo wengi hawapaangalii, yaani kwenye muda wa mkopo.

Mkopaji anaposhindwa, kinachopotea ni mtaji wote, si riba peke yake. Ukikopesha watu kumi laki moja kila mmoja na mmoja akatoroka, waliobaki tisa lazima wakurudishie milioni nzima, yaani kila mmoja akulipe kama shilingi 111,100, ili usipate wala usipoteze. Kama mikopo hiyo ni ya mwaka mmoja, hatari imeongeza asilimia 11 kwa mwaka. Kama ni ya mwezi mmoja, imeongeza asilimia 11 kwa mwezi, kwa sababu mwezi ujao fedha ileile inatoka tena kwa watu kumi na mmoja wao anaweza kutoroka tena. Mkopeshaji wa mkopo wa mwezi mmoja anaingia hatarini mara 12 kwa mwaka. Ndiyo maana hasara inayoonekana ndogo, ya mkopo mmoja katika 40, ilichukua asilimia 2.5 ya kila mwezi katika mfano wetu.

Katika benki za Uganda, mikopo iliyochelewa kulipwa kwa zaidi ya siku 90 imekuwa kati ya shilingi 4 na 6 katika kila shilingi 100 zilizokopeshwa katika miaka ya karibuni. Hata hizo si hasara kamili, kwa kuwa nyuma yake kuna hatimiliki ya ardhi inayoweza kuuzwa.

Swali linalofuata huwa ni hili: kama hatari ni kubwa, kwa nini mkopeshaji asipandishe riba hadi asilimia 30 au 40 kwa mwezi, akakopesha kila anayekuja? Jibu ni kwamba riba yenyewe inachagua watu. Mama mwenye hesabu zake akisikia asilimia 30, anajua biashara yake haiwezi, anaondoka. Anayebaki kwenye foleni ni yule ambaye hajapiga hesabu, au aliyekwisha kuamua moyoni kwamba hatalipa. Kadiri bei inavyopanda, ndivyo waliobaki wanavyozidi kuwa wabaya, mpaka mahali ambapo kupandisha riba kunaongeza hasara kuliko mapato. Mkopeshaji mzoefu anaijua hali hii bila kufundishwa. Akifika kwenye kiwango fulani haongezi bei tena, anamkataa mtu.

Mkopeshaji anajuaje nani wa kumkataa?

Hapa ndipo palipo kiini cha jambo zima, kwa sababu gharama na hatari zote mbili zinatokana na kutojua.

Niliwahi kufuatana na mkopeshaji mmoja mzee wa mjini kwetu, mtu aliyekuwa na daftari la kaunta lenye jalada jekundu na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mama mmoja muuza dagaa alikuwa ameomba 500,000. Mzee hakumwita ofisini. Tulifika sokoni saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya mama kufika, akahesabu magunia yaliyofunikwa turubai, akainua moja kidogo kwa mkono kujua kama limejaa au limewekwa chini takataka. Akamwuliza jirani wa meza ya pili bei ya dagaa wa Majanji, kando ya Ziwa Victoria, wiki hiyo, si kwa sababu hakuijua, bali asikie jirani atamtajaje mama yule. Akamwuliza msukuma mkokoteni ni siku gani mara ya mwisho alimletea mzigo. Kisha tukanywa chai kwa mwenye kibanda, ambaye alitueleza bila kuulizwa kwamba mama hadaiwi hata shilingi pale. Mpaka saa tatu alikuwa ameamua. Aliniambia, "Kijana, karatasi ataniletea yoyote nitakayo. Mkokoteni haudanganyi."

Asubuhi ile nzima ilikwenda kwa mkopo mmoja wa laki tano, na kwa kila anayekubaliwa kuna mwingine aliyechunguzwa akakataliwa, ambaye uchunguzi wake hauna wa kuulipa isipokuwa yule aliyekubaliwa. Jambo hili limepimwa kwa makini kwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 kuhusu wakopeshaji wa Chambar, katika jimbo la Sindh nchini Pakistani, ulikuta riba yao ya wastani ikiwa karibu asilimia 79 kwa mwaka ilhali benki zilitoza 12, wakiwakataa karibu nusu ya waombaji wapya, na gharama zao zikikaribia sana kiasi walichotoza. Waliowafahamu watu wao hawakupoteza mikopo mingi. Walitumia fedha nyingi ili wasiipoteze.

Benki haiwezi kumlipa afisa wake anyanyue magunia. Inataka kitu kinachosomeka mezani: taarifa za akaunti, hati ya mshahara, hatimiliki, au rekodi kutoka ofisi ya taarifa za wakopaji, mfumo ambao Uganda iliuanza mwishoni mwa mwaka 2008 kwa taasisi zinazosimamiwa na Benki Kuu. Mama wa dagaa ana rekodi nzuri kuliko wengi, ila imeandikwa kwenye vichwa vya majirani na katika daftari jekundu.

Wakopeshaji wamejaa kila mtaa. Mbona ushindani haushushi riba?

Swali hili ni zuri kuliko yote ninayoulizwa, kwa kuwa kwa bidhaa nyingine yoyote hali ingekuwa hivyo. Wauza sukari wakiongezeka, sukari inashuka bei.

Lakini mkopeshaji mpya akifungua ofisi, hanunui ujuzi wa yule wa zamani. Anaanza upya kuchunguza kila mtu, na anagawana wateja walewale. Rudi kwenye mfano wetu: pango, karani, kijana wa pikipiki na matumizi mengine ya ofisi viligharimu shilingi 1,350,000, zikagawanywa kwa wakopaji 60. Mpinzani akichukua 20 kati yao, gharama zilezile zinagawanywa kwa 40, na kila mkopo sasa unabeba shilingi 33,750 badala ya 22,500. Wote wawili wanahitaji riba ya juu zaidi ili wabaki sokoni. Juu ya hayo, mkopaji anapata nafasi ya kukopa hapa ili alipe kule, bila yeyote kati yao kujua, na hasara za wote zinaongezeka. Nimeona mtaa uliokuwa na wakopeshaji watatu ukafikisha tisa, na kiwango kilichotangazwa mlangoni hakikusogea.

Hapa pia ndipo tamaa inapopata nafasi yake. Mama akishalipa vizuri mara kumi, gharama ya kumjua imekwisha kurudi. Hahitaji tena kuchunguzwa, na kwa haki riba yake ingeshuka. Haishuki, kwa sababu hana wa kumwendea: kwa mkopeshaji mwingine yeye ni mgeni, ataanza na mkopo mdogo na maswali yote upya. Mkopeshaji anayemjua anajua hilo. Ile tofauti kati ya anachotozwa na anachogharimu sasa ni faida ya kushika siri ya tabia njema ya mtu mwingine, nami naiona kuwa dhuluma, hata kama haijavunja sheria.

Mwalimu wa serikali anapata mkopo benki bila dhamana. Ana nini ambacho mfanyabiashara hana?

Ana mshahara unaopita benki na unaoweza kukatwa kabla haujamfikia. Kwa mwalimu, benki haihitaji kujua tabia yake, wala haihitaji kijana wa pikipiki. Karatasi moja inaonyesha kipato, na makato yanafanya kazi ya kufuatilia. Huenda mwalimu huyo ni mlipaji mbaya kuliko mama wa dagaa kwa hulka yake, na bado atapata asilimia 19 kwa mwaka wakati mama analipa 120. Mfano huu unaonyesha kwamba bei ya mkopo haipimi wema wa mtu. Inapima jinsi ilivyo rahisi kwa anayekopesha kuujua wema huo na kuzifikia fedha.

Mwalimu huyohuyo, mshahara ukishakatwa hadi mwisho, akihitaji ada ya mtoto katikati ya muhula, anakwenda kwa mkopeshaji na kutozwa kama wengine.

Nina kibanja. Mbona dhamana hiyo hainipi riba ya benki?

Dhamana inashusha riba ikiwa tu mkopeshaji anaweza kujua ni ya nani na kuiuza bila matatizo. Kwa ardhi yenye hatimiliki, benki inatafuta taarifa katika ofisi ya ardhi, inasajili rehani, na mume au mke anatoa idhini ikiwa ni nyumba ya familia. Mkopaji akishindwa, Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 inampa notisi ya siku 45 za kazi, kisha notisi nyingine ya siku 21 za kazi kabla ya mauzo, na anaweza kwenda mahakamani. Ulinzi huo ni wa haki, lakini unagharimu muda na mawakili, na hakuna atakayeupitia kwa ajili ya deni la laki tano.

Kibanja hakina hatimiliki. Umiliki wake uko kwenye makubaliano ya kuuziana yaliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na karatasi kama hiyo inaweza kuwapo mara mbili. Kwa benki nyingi dhamana hiyo ina thamani ndogo. Kwa mkopeshaji ina thamani, kwa kuwa anaishi hapo na anamjua mwenyekiti.

Naomba msomaji awe mwangalifu sana hapa. Wapo wakopeshaji wanaokwepa njia ndefu ya sheria kwa kumfanya mkopaji asaini makubaliano ya mauzo badala ya mkataba wa mkopo, kiasi kwamba siku ya kushindwa, kisheria kwenye karatasi, hakuna deni. Kuna ardhi iliyouzwa tayari. Dalili yake ni rahisi kuiona: karatasi inataja "mnunuzi" na "muuzaji", na haitaji riba wala tarehe ya kulipa. Usiisaini, hata kama umeambiwa ni utaratibu wa ofisi.

Serikali imeweka kikomo cha riba. Kwa nini bado natozwa asilimia 10?

Wakopeshaji wanasimamiwa na mamlaka ijulikanayo kama UMRA, chini ya sheria ya mwaka 2016 ya taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji, nao wanatakiwa kuwa na leseni inayohuishwa kila mwaka. Mwishoni mwa mwaka 2024, Wizara ya Fedha ilitangaza kwamba mkopeshaji asizidishe asilimia 2.8 kwa mwezi, yaani 33.6 kwa mwaka.

Tuipeleke tarakimu hiyo kwenye daftari letu. Asilimia 2.8 ya 500,000 ni shilingi 14,000. Kuuandaa na kuufuatilia mkopo huo kuligharimu 22,500. Mkopeshaji anayetii anapata hasara hata kama kila mtu amelipa. Ukitenga asilimia 1.2 kwa ajili ya fedha yenyewe, inabaki 1.6 ya kulipia kazi, na kazi ya shilingi 22,500 inalipika tu ikiwa mkopo umefika kama shilingi milioni 1.4, bila hasara yoyote. Kwa mikopo mikubwa yenye kadi ya gari au hatimiliki, kikomo kinawezekana na kinamlinda mkopaji aliyekuwa akikamuliwa. Kwa mikopo midogo ya mwezi mmoja, mkopeshaji ana njia tatu: aache kutoa, atoe bila leseni, au aite riba jina jingine.

Hilo jina jingine ndilo linalofanya unachotozwa kisionekane. Tuseme mkataba umeandika mkopo wa 500,000. Anakata 50,000 mapema na 20,000 ya fomu, unaondoka na 430,000, na baada ya mwezi unarudisha 500,000. Umelipa 70,000 juu ya 430,000 ulizozipata, yaani zaidi ya asilimia 16 kwa mwezi, ilhali kwenye karatasi huenda riba iliyoandikwa ni 2.8. Njia ya kujua ni moja: gawanya unachozidisha kurudisha kwa fedha iliyoingia mkononi mwako, na usishughulike na majina ya makato.

Kama ni ghali hivyo, watu wanawezaje kulipa?

Inategemea fedha imekwenda wapi. Mama wa dagaa akinunua mzigo Majanji na kuuuza wote katika wiki nne, anaweza kupata faida ya 130,000 juu ya laki tano. Akimlipa mkopeshaji 50,000 anabakiwa na 80,000 ambazo asingekuwa nazo. Mzigo unazunguka haraka kuliko riba inavyokua. Matatizo huanza mwezi ambao mvua imezuia dagaa kukauka, maana faida inakosekana na riba inabaki palepale.

Aliyekopa kwa ajili ya hospitali au ada ya shule hana mzigo wa kuzungusha. Kwake mwezi wa kwanza hulipwa riba peke yake, na wa pili vilevile, na baada ya miezi kumi amelipa 500,000 na bado anadaiwa 500,000.

Nifanye nini ili nitozwe kidogo?

Kwa kuwa sehemu kubwa ya bei ni gharama ya kujulikana, itoe tabia yako kichwani mwa mtu mmoja na uiweke mahali wengine wanapoweza kuisoma. Dai risiti kwa kila malipo, na lipa kwa simu badala ya fedha taslimu, ili tarehe na kiasi vibaki kwenye taarifa ya namba yako. Mauzo ya siku pia yapitie kwenye namba hiyohiyo, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kadi ya ATM na namba yake ya siri usimwachie mkopeshaji, wala kitambulisho cha taifa. Mali zinazohamishika, kama friji, mashine ya kusaga au pikipiki, zinaweza kusajiliwa kuwa dhamana kwa sheria ya mwaka 2019 katika daftari la ofisi ya usajili, URSB, ambapo mkopeshaji yeyote anaweza kuona kama mali hiyo imeshikwa na mwingine.

Mama yule wa dagaa alifanya sehemu ya hayo. Alikuja kwenye chama chetu cha akiba na mikopo na risiti 14 za mzee, zimekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kitabu cha akiba. Kamati ilizisoma zote, ikampigia mzee simu kuthibitisha, naye kwa heshima yake alisema ukweli. Tulimpa laki nane kwa asilimia 2 kwa mwezi, na uchunguzi wetu ulichukua kama nusu saa.